Noti za bibi ndani ya kopo, na tarehe ya mwisho ni Aprili 5, 2025

*Shikamoo mshauri. Bibi yetu amefariki mwezi uliopita huku kijijini, wilaya ya Chamwino. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tukakuta kopo la maziwa ya unga limejaa noti. Tumehesabu noti 6 za elfu kumi zenye twiga, 14 za elfu kumi zenye tembo, 22 za elfu moja zenye picha ya Mwalimu, na 40 za mia tano, nyingine zina nyati na nyingine zina picha ya Mzee Karume. Chini kabisa kuna tatu za elfu tano zilizoliwa na mchwa. Kuna jamaa wa mnadani anasema zote zimeshafutwa, ila yeye ana mtu wake mjini, atatupa 120,000 kwa kopo zima. Baba mdogo naye anasema benki hawawezi kuzipokea mpaka tumteue msimamizi wa mirathi mahakamani. Huku kwetu hakuna benki, tuna wakala tu, na yeye amezikataa. Tufanye nini?*

*Mjukuu, Chamwino*

Marahaba, mjukuu. Poleni sana na msiba.

Kopo lisitoke nyumbani kwenda kwa huyo jamaa. Naandika haya katikati ya Machi 2025, kabla muda wa kubadilisha haujaisha, na noti hizo bado zina thamani yake kamili. Tangazo la Benki Kuu la Oktoba 2024 lilisema noti za zamani zibadilishwe kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, katika ofisi zote za Benki Kuu na benki zote za biashara nchini, kwa thamani ileile. Elfu kumi inatoka elfu kumi, bila makato. Zitaacha kuwa fedha halali kuanzia Aprili 6. Anayewaambia zimeshafutwa anairudisha tarehe nyuma ili nyinyi mshtuke.

Sasa ni noti zipi hasa zinazohusika, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Zinazoondolewa ni noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya toleo la 2010. Noti nyingine za toleo la 2010, yaani 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 tunazonunulia sukari kila siku, haziguswi. Sarafu nazo haziguswi, ikiwemo ile ya 500 iliyoanza kutumika 2014.

Shida ni kwamba noti zetu hazina mwaka ulioandikwa juu yake. Huwezi kuigeuza ukasoma 2003. Lazima uitambue kwa macho na kwa mkono, na kwenye kopo lenu kuna rahisi na kuna za kutazama mara mbili.

Rahisi kwanza. Elfu kumi yenye twiga ni ya zamani, hakuna mjadala. Ukikuta noti yoyote yenye sura ya Mzee Mwinyi, hiyo pia ni ya zamani. Na kila noti ya karatasi ya mia tano inaondoka, iwe ya nyati, iwe ya Mzee Karume. Ya nyati ni toleo la 2003, ya Karume ni toleo la 2010. Wapo wanaobakiza za Karume wakisema "hizi ni za juzi tu", na hao ndio watakaobaki nazo mkononi baada ya tarehe kupita. Zenu 40 zote zinakwenda benki.

Ngumu ni tembo na Mwalimu. Noti ya 10,000 ya mwaka 2003 ina tembo, na ya toleo la 2010 ina tembo. Noti ya 1,000 ya 2003 ina picha ya Mwalimu Nyerere, na inayotumika sasa ina picha yake vilevile. Ndivyo ilivyo pia kwa simba wa elfu mbili na kifaru wa elfu tano. Kwa hiyo ukiambiwa "za tembo zote zimefutwa" au "za tembo zote ni nzima", kauli zote mbili si sahihi.

Fanyeni hivi. Chukueni noti ya elfu kumi mliyopewa dukani wiki hii, ambayo mna hakika inatumika. Iwekeni mezani. Chukueni moja ya tembo kutoka kwenye kopo, ilazeni juu yake, pembe ya kushoto chini kwa pembe ya kushoto chini. Toleo la 2010 lilipunguzwa ukubwa kidogo, hivyo ya zamani itatokeza pembeni. Ikilingana kabisa, ni ya toleo linaloendelea. Kisha ishikeni kwenye mwanga wa dirisha. Noti za toleo la 2010 zina alama ya maji yenye sura ya Baba wa Taifa kwenye sehemu ile iliyoachwa nyeupe. Fanyeni vivyo hivyo kwa za elfu moja, mkitumia elfu moja ya sasa kama kipimo. Yoyote mtakayobaki mnabishania, iwekeni kwenye fungu la kupeleka. Keshia akiona ni ya sasa atawarudishia, hamtapoteza kitu. Kosa baya ni kuibakiza ya zamani nyumbani mkidhani ni ya sasa.

Tuseme mmemaliza kupima, na kati ya zile tembo 14 mkakuta 9 ni kubwa na 5 zinalingana na za sasa. Na kati ya zile 22 za Mwalimu, 12 ni za zamani na 10 ni za sasa. Nimebuni mgawanyo huu ili muone hesabu inavyokwenda, wenu mtaupata mezani. Fungu la kubadilisha litakuwa hivi: twiga 60,000, tembo wa zamani 90,000, elfu moja za zamani 12,000, mia tano 20,000. Jumla 182,000, noti 67. Fungu la pili, ambalo halihitaji benki hata kidogo, ni 50,000 za tembo wa sasa na 10,000 za Mwalimu, jumla 60,000. Hizo mnaweza kununulia mahindi leo jioni.

Jumla ni 242,000 bila kuhesabu zilizoliwa. Jamaa wa mnadani anawapa 120,000. Katika mgawanyo huo, nusu ya fedha anayowalipa angeirudisha kwa kuokota tu noti nzima kutoka kopo lenu, kabla hata hajapanda gari kwenda mjini. Zilizobaki angezibadilisha benki kama ambavyo nyinyi mngezibadilisha, dirisha lilelile, bei ileile. Hana njia ya siri. Anachouza ni wasiwasi wenu.

Wakala msimlaumu. Tangazo linataja ofisi za Benki Kuu na benki za biashara. Wakala anafanya kazi kwa mtaji wake mwenyewe, na akipokea noti hizo itabidi azipeleke tawini kabla ya tarehe, hivyo ana sababu ya kukataa. Msijaribu pia kuziingiza kwenye mashine ya kuwekea fedha pale benki. Mashine zile hupangiwa noti za matoleo yanayotumika, na zikikutana na noti ya ukubwa mwingine huitema au hukwama, na mkikwamishiwa fedha mtaanza kufuatilia malalamiko huku siku zinakwenda. Nendeni kwa keshia dirishani.

Safari yenu ni kwenda Dodoma mjini au mji wowote wa karibu wenye tawi la benki ya biashara. Si lazima iwe benki ambayo mmoja wenu ana akaunti, kwa sababu tangazo limesema benki zote. Hata hivyo, kama kati yenu yupo mwenye akaunti, aende yeye. Anaweza kuziweka moja kwa moja kwenye akaunti yake na kupewa slipu yenye tarehe na kiasi, na slipu hiyo itawasaidia kwenye kikao cha familia. Bebeni kitambulisho cha NIDA, au cha mpiga kura, au leseni. Kwa kiasi kama chenu huenda asiulizwe mengi, ila akiulizwa fedha zimetoka wapi ajibu ukweli: zilikuwa za marehemu bibi, zimekutwa nyumbani. Hakuna kosa katika hilo.

Kabla ya kuondoka, pangeni noti kwa thamani na kwa toleo, zote zikitazama upande mmoja, na mfunge kila fungu kwa mpira. Msizipige pini ya karatasi. Andikeni kwenye karatasi: twiga 6, tembo 9, elfu moja 12, mia tano 40, jumla 182,000. Keshia atahesabu tena mbele yenu, na mkiwa na karatasi hiyo mtajua papo hapo kama hesabu zimepishana. Mkienda na rundo lililovurugika, keshia mwenye foleni ndefu nyuma yenu anaweza kuwaambia mkae pembeni mzipange kwanza.

Ikitokea mkaambiwa "hapa hatubadilishi kwa asiye mteja", msigombane na keshia. Ombeni kuonana na msimamizi wake au meneja wa tawi, na mtaje tangazo la Benki Kuu. Mkikataliwa tena, nendeni Benki Kuu yenyewe. Nyinyi wa Dodoma mna nafuu ambayo mtu wa Tabora au Kigoma hana: makao makuu ya Benki Kuu yapo hapohapo mjini, Barabara ya Jakaya Kikwete.

Kuhusu tarehe, naomba mnisikilize vizuri. Aprili 5 ni Jumamosi. Matawi mengi Jumamosi hufanya kazi nusu siku, na mengine hayafungui kabisa. Ukirudi nyuma wiki moja, Idi el Fitri inaangukia Machi 31 au Aprili 1 kutegemea mwezi utakavyoandama, na sikukuu ya Idi hapa kwetu ni siku mbili. Maana yake wiki ile ya mwisho, ambayo kwenye kalenda inaonekana ina siku sita, kwenye dirisha la benki huenda ikabaki na tatu, yaani Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Na siku hizo tatu ndizo kila aliyechelewa atakuwa amepanga foleni. Nendeni kabla ya Machi 28. Msitegemee kuongezewa muda. Kenya ilipoondoa noti zake za zamani za shilingi 1,000 mwaka 2019, ilitangaza Juni 1 na kufunga Septemba 30, na Oktoba 1 ilipoingia, noti hizo hazikuwa fedha tena.

Sasa noti za mchwa. Hizo tatu zina mikosi miwili kwa pamoja: zimeharibika, na kama ni za toleo la 2003 basi zina tarehe ya mwisho pia. Ndiyo maana zinatakiwa zitangulie, zisisubiri. Msizipeleke kwa keshia wa kawaida mkitarajia ahesabu tatu. Noti iliyopoteza sehemu yake hutathminiwa: wanatazama kama ni halali na ni kiasi gani cha noti kimebaki. Malipo yake hayaji moja kwa moja kama ya noti nzima. Benki ya biashara inaweza kuwaelekeza Benki Kuu, na kwa kuwa ipo mjini kwenu, nendeni huko moja kwa moja na hizo tatu.

Jinsi ya kuzibeba inaweza kuamua kama mtalipwa. Noti zilizolala chini ya kopo kwenye unyevu hushikana. Msizibandue kwa nguvu, maana ndipo kipande chenye namba kinapobaki kimegandana na noti ya jirani. Zitandazeni juu ya kitambaa kikavu kivulini, siyo juani, mpaka zenyewe ziachie. Msizipige pasi, msizioshe, na msizibandike gundi wala selotepu. Mtu akiona noti imeungwaungwa huanza kujiuliza kama vipande vyote ni vya noti moja, na hapo umejiongezea kazi ya kuthibitisha. Kwenye lile vumbi la mchwa chini ya kopo, chekecheni kwa vidole mtoe kila kipande cha karatasi, hata kidogo kama ukucha, hasa vyenye tarakimu za namba ya noti. Kila noti na vipande vyake iwekwe kwenye bahasha yake ya kaki, iliyolala bapa kati ya kurasa za daftari. Bahasha tatu kwa noti tatu. Msichanganye vipande mkitumaini mhudumu atavipanga.

Nikija kwa baba mdogo, hoja yake ina ukweli nusu. Kama bibi angekuwa na fedha kwenye akaunti ya benki, hapo benki ingeshika mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe, na ni sawa. Lakini noti taslimu hazina jina. Dirishani hubadilishwa kwa aliyezileta. Mkisubiri mahakama, barua ya uteuzi inaweza kutoka Mei, na hapo mtakuwa na msimamizi halali wa karatasi zisizonunua hata chumvi.

Hata hivyo namheshimu kwa kujali, kwa sababu fedha hizo bado ni mali ya marehemu na zinaingia kwenye mirathi kama ng'ombe na shamba. Hofu yake mnaweza kuiondoa hivi: hesabuni noti mbele yake na mbele ya ndugu wengine wawili, mmoja wa upande mwingine wa familia. Andikeni idadi ya kila aina kwenye karatasi, wote wasaini, na mkiweza mpate muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji. Pigeni picha noti zikiwa zimepangwa. Wateueni wawili wa kwenda mjini, baba mdogo akiwa mmojawapo. Wakirudi, slipu au hesabu ya keshia ilinganishwe na karatasi ileile, na fedha mpya zikae mahali mlipokubaliana mpaka mirathi igawanywe. Kubadilisha noti siyo kugawana mali. Ni kuizuia isife.

Jambo moja jingine linaloweza kuwavuruga. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 zimetoka noti zenye saini mpya za waziri wa fedha na gavana. Huko vijijini habari hiyo imegongana na hii ya kuondoa noti za zamani, na wapo wanaodhani noti yoyote isiyo na saini mpya inakufa Aprili. Siyo hivyo. Kubadilika kwa saini hakuondoi noti iliyopo, na zenye saini za awali za toleo la 2010 zinaendelea kutumika pamoja nazo. Siku yoyote mtakapotangaziwa noti mpya, msikimbilie kutazama sura ya noti. Tafuteni kwenye tangazo kama kuna maneno yanayosema noti fulani "itaondolewa" au "haitakuwa fedha halali", thamani zipi, matoleo yapi, na kuanzia tarehe ipi. Kama maneno hayo hayapo, mlizonazo ni nzima.

Mkiwa bado mna kopo mezani, fungueni na sehemu nyingine ambazo fedha hulala muda mrefu: kibubu cha watoto, sanduku la VICOBA, bahasha ya mfuko wa msiba, mfuko wa koti la marehemu babu, kati ya kurasa za Biblia au Msahafu. Kwenye sanduku la VICOBA mtazame hasa mia tano, kwa sababu ndizo zilizokuwa zinachangwa kwenye mfuko wa jamii na kama faini, na mhazini mara nyingi huzifunga mafungu na kuzisahau chini. Yote yapimwe siku moja, yaende mjini safari moja.

Na kama mmoja wenu anataka kubaki na twiga mmoja kwa kumbukumbu ya bibi, akubaliane na wenzake, aweke 10,000 yake kwenye fungu la familia, kisha aichukue noti hiyo akijua kwamba kuanzia Aprili 6 haitapokelewa popote. Achague iliyo safi zaidi kati ya zile sita, na kwenye ile karatasi yenye saini mwandike kwamba za kupeleka sasa ni twiga 5.